Kete sita, jibu "tatu": uchambuzi wa video moja ya wimbo wa kuhesabu

Mtoto wa miaka minne amepangiwa kete sita mezani, kwenye mstari mmoja, na mwalimu wake amemwambia ahesabu. Anagusa ya kwanza akisema "mo", ya pili "ja", ya tatu "mbi", ya nne "li", ya tano "ta", ya sita "tu". Anainua uso na kutangaza jibu: tatu. Mwalimu anaongeza kete mbili na kumwomba ahesabu tena. Safari hii anaishia kwenye nne. Hajaruka kete, hajarudia kete, na mpangilio wa namba kinywani mwake hauna kasoro hata moja. Kila mara, hata hivyo, jibu ni nusu ya kilichopo.

Mwalimu huyo wa darasa la awali alikuwa anatumia video ya wimbo wa kuhesabu moja hadi kumi, na darasa zima lilikuwa linaimba bila kukosea. Kinachomsumbua kilikuwa hicho: wanaimba hadi kumi, lakini ukiwauliza kete ziko ngapi, baadhi yao wanakupa nusu, wengine wanakupa namba yoyote inayowajia. Watengenezaji wa video waliniomba niipitie na kuihariri upya, wakidhani tatizo ni picha zilizopitwa na wakati. Picha hazikuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa kwenye mapigo.

Video yenyewe ilikuwa ya kawaida. Anga la buluu, nyota za rangi mbalimbali zinaruka kutoka pembeni zikibingirika, kila moja ina macho na tabasamu. Mtoto wa katuni amesimama chini kushoto akipiga makofi. Maneno ya wimbo yanapita chini ya skrini na kidoti kidogo kinarukaruka juu yake kuonyesha panapoimbwa. Biti ilikuwa ya mapigo 120 kwa dakika, changamfu, ya kuchezeka. Kila namba ilichukua mapigo mawili, yaani sekunde moja kamili. Ukiisikiliza ukiwa mtu mzima unaona kila kitu kiko sawa.

Sasa ichunguze kwa sikio la mtoto. Maneno yetu ya moja hadi kumi yana jambo ambalo watunzi wengi wa nyimbo hulifurahia bila kulitafakari: yote yana silabi mbili. Moja, mbili, tatu, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, na hata nne, kwa sababu ile n ya mwanzo inasimama peke yake kama silabi. Kwa mtunzi hiyo ni neema, kwani namba yoyote inaingia mahali pa namba nyingine bila kuvunja mizani. Prodyuza naye anapoona mapigo mawili na silabi mbili, mkono unakwenda wenyewe: silabi moja kwa pigo moja. Ngoma ikalia kwenye "mo" na ikalia tena kwenye "ja", kwa nguvu ileile. Mchoraji wa katuni akafuata ngoma, kwa hiyo yule mtoto wa katuni alipiga kofi kwenye "mo" na kofi jingine kwenye "ja". Programu iliyopangia maneno ikayakata kwa silabi, na kidoti kikaruka mara mbili kwa kila namba.

Mtoto anayefuata video hiyo kwa bidii anajifunza kwamba "moja" ni matendo mawili. Yule mwenye kete sita alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote, maana alikuwa ameshika kwa usahihi kile alichofundishwa. Makofi yake yakageuka kidole, na kidole kikagusa kete mbili kwa kila namba.

Kosa la kugawa neno la namba kwa silabi linajulikana hata kwa watoto wanaohesabu kwa lugha kama Kiingereza, ila huko huwa linajificha, kwa kuwa karibu maneno yote ya moja hadi kumi yana silabi moja: mtoto anakosea kwenye namba moja ndefu tu na kupishana kwa moja. Kwa Kiswahili linajitokeza waziwazi. Ukipanga vitu kwa idadi shufwa, jibu linatoka nusu kamili. Ukipanga idadi witiri, kwa mfano vitano, mtoto anafika "ta" kete zikaisha, na hapo utaona kitu cha kuvutia: kidole kinaning'inia, kisha ama anarudi kugusa kete ya kwanza ili amalize "tu", ama anaimeza silabi na kusema "tatu" kwa haraka juu ya kete ya mwisho. Ukiona kidole kinarudi nyuma kutafuta mahali pa kuweka silabi, huhitaji kipimo kingine.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza na ndilo kubwa. La pili lilikuwa la mchoraji, nalo lilichukua muda kuonekana kwa sababu linahesabiwa kwa fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video.

Video ilikuwa ya fremu 25 kwa sekunde. Kwa kuwa kila namba ilichukua sekunde moja, namba mpya iliingia kila baada ya fremu 25. Mchoraji aliweka mwanzo wa safari ya nyota palepale sauti inapoanza kutamka namba, jambo linaloonekana la busara kwenye kompyuta, maana alama ya sauti na alama ya picha zinapangana mstari mmoja. Safari ya nyota, pamoja na kubingirika, kudunda na kutabasamu, ilichukua fremu 30. Nyota ilitulia fremu 5 baada ya namba inayofuata kuanza kutamkwa. Sauti inasema "mbili" huku nyota ya kwanza bado inadunda. Sauti inasema "nne" huku nyota zilizotulia ni mbili, ya tatu inamalizia kudunda, na ya nne ndiyo kwanza inachomoza pembeni. Mtu mzima haoni tatizo kwa sababu anajua kinachokuja na akili yake inaikamilisha picha. Mtoto asiyejua nne ni nini hana cha kukamilishia. Anachoonyeshwa ni kwamba "nne" ni hali ya nyota mbili na vurugu.

Dawa ya kosa hili ni rahisi kuliko maelezo yake. Kitu kinachosogea kinatakiwa kufika kwenye pigo, kisianzie hapo. Ukitaka nyota itue kwenye namba na safari yake ni ya fremu 10, ianzishe fremu 10 kabla ya pigo. Wachoraji wa katuni za kucheza muziki wanalijua hili tangu zamani, lakini katika kazi za haraka za watoto linasahaulika, kwa sababu programu inampa mchoraji alama ya mwanzo wa kitendo na yeye anaibandika palipo na alama ya sauti.

Kosa la tatu nililipata nilipoizima sauti na kuitazama video kimya. Kila anayehariri video za namna hii afanye hivyo. Nyota zilikuwa kubwa na skrini ilitosha tano. Kwa hiyo baada ya "tano" zile nyota zilifagiliwa zote kwa upepo, anga likabaki tupu, na "sita" ikaingia na nyota moja. Kwenye "saba" nyota zilikuwa mbili. Wimbo ulipofika "kumi", kilichokuwa kwenye skrini kilikuwa nyota tano, zilezile zilizoonekana kwenye "tano". Hakuna aliyekusudia kumfundisha mtoto kwamba tano na kumi ni kitu kimoja. Nafasi ilikwisha, basi.

Hapo rangi nazo zilichangia. Nyota ya nne ilikuwa ya kijani na nyuso zote zilikuwa tofauti. Mtoto mmoja darasani, alipoulizwa nne iko wapi, alinyoosha kidole kwenye kete ya kijani. Kwake "nne" lilikuwa jina la mmoja wa wahusika, na ukiitazama video hiyo, ana haki.

Kabla ya kugusa wimbo ilibidi tukubaliane video inafundisha nini hasa. Watengenezaji walisema "kuhesabu". Lakini kuhesabu si kitu kimoja. Rochel Gelman na Randy Gallistel, katika kazi yao ya mwaka 1978, waliugawa ujuzi huu katika kanuni kadhaa, na tatu zinahusu namna ya kuhesabu: kila kitu kipate neno moja na moja tu, maneno yafuatane kwa mpangilio uleule kila mara, na neno la mwisho ndilo linalotaja idadi ya vyote. Wimbo wowote wenye kiitikio kizuri unafundisha kanuni ya pili. Ndiyo maana darasa zima lilikuwa linaimba hadi kumi. Kanuni ya kwanza video ilikuwa inaivuruga, na ya tatu ilikuwa haijaigusa kabisa.

Hiyo ya tatu ndiyo ngumu. Karen Wynn, miaka ya mwanzo ya 1990, aliifuatilia kwa jaribio ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya: badala ya kumwomba mtoto ahesabu vitu vilivyopangwa, unamwekea rundo na kumwambia akupe idadi fulani. Matokeo yake yanashangaza ukikutana nayo mara ya kwanza. Mtoto anayeimba hadi kumi anaweza kujua maana ya "moja" peke yake. Ukimwomba mbili au tano anakuchotea gao. Baadaye anaijua mbili, baadaye sana tatu. Kisha, mara nyingi akielekea miaka minne, anapata ufunguo na kuanza kuhesabu mwenyewe ili akupe idadi yoyote anayoijua jina. Kati ya hatua moja na nyingine inaweza kupita miezi. Kwa kipindi hicho chote anaimba vilevile, na mzazi anayemsikiliza anaamini mtoto ameshajua.

Kuna dalili nyingine ya kanuni ya tatu kutokuwepo, na ni rahisi zaidi kuiona. Mtoto anahesabu vizuri: moja, mbili, tatu, nne. Unamuuliza, "Kwa hiyo ziko ngapi?" Anaanza upya: moja, mbili, tatu, nne. Ukimuuliza tena anaanza tena. Kwake swali la "ngapi" ni ombi la kuimba. Video ya zamani ilikuwa inamthibitishia hivyo, kwa sababu baada ya "kumi" ilirudi moja kwa moja kwenye kiitikio. Hakuna mahali popote katika wimbo mzima palipotaja nyota zote kwa pamoja.

Basi uamuzi wa kwanza ulikuwa kupunguza. Video mpya inaishia tano. Hapo palikuwa na ubishi, kwa sababu watengenezaji waliona wazazi watasema wimbo umekuwa mfupi na mtoto wao "ameshapita hapo". Hoja yangu ilikuwa kwamba maneno ya moja hadi kumi watoto wanayo tayari. Wasichokuwa nacho ni maana, na maana inajengwa chini ya tano kwanza. Tena nyota tano zinakaa kwenye skrini bila kufagiliwa, na mkono mmoja una vidole vitano vya kuzionyesha.

Uamuzi wa pili ulikuwa mwendo. Tuliteremka hadi mapigo 75 kwa dakika. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde namba hiyo ina raha yake: kila pigo linachukua sekunde 0.8, ambazo ni fremu 20 kamili, kwa hiyo mchoraji hahitaji kukisia pigo limeangukia wapi. Namba moja bado ina mapigo mawili, lakini matumizi yake yamebadilika. Silabi zote mbili zinaimbwa ndani ya pigo la kwanza, ngoma inalia mara moja, kwenye silabi ya kwanza. Pigo la pili halina neno. Ni la kidole kusafiri kwenda kwenye nyota inayofuata.

Kwamba ngoma ianguke kwenye silabi ya kwanza halikuwa jambo la kuchagua. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwenye neno la silabi mbili hiyo ndiyo ya kwanza: MO-ja, TA-tu, SA-ba. Ukiuweka mguso hapo, sauti ya asili ya neno na mguso vinagongana sehemu moja na mtoto hana sababu ya kutafuta mguso wa pili.

Isipokuwa nne. Hapa mwimbaji alitutoa jasho. Mkazo wa nne uko kwenye n, na n haina mlio wa kufunguka. Ni mvumo wa puani. Katika rekodi ya zamani mwimbaji, bila kujua, alikuwa anaivuta n na kuiangusha "ne" baada ya pigo, hivyo ukisikiliza "tatu, nne" unaona nne imechelewa kidogo, na mtoto wa katuni alichelewa pamoja nayo. Alipoelekezwa aianze n palepale pa pigo, ngoma ikaifunika kabisa na kilichosikika kilikuwa "ne" iliyochelewa, yaani kosa lilelile kwa mlango mwingine. Kilichofanya kazi ni kupunguza sauti ya ngoma kwenye pigo hilo moja na kumwomba mwimbaji aivumishe n kwa nguvu sawa na irabu, kisha aifungue "ne" haraka. Ukisikiliza na spika ndogo ya simu bado n inasikika. Tuliipima kwa spika ndogo makusudi, maana watoto wengi hawatakutana na wimbo huu kwenye vifaa vya studio.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kitendo. Makofi yaliondolewa kwenye kuhesabu. Sina ugomvi na makofi, na kwenye utangulizi wa wimbo yapo, ila kofi haligusi kitu. Mtoto anaweza kupiga makofi manane juu ya nyota nne na hakuna kitakachomwambia amezidisha. Badala yake mkono wa katuni unatokea na kidole kimoja kinagusa nyota. Kinapotua, nyota inawaka na inabaki inawaka. Safari ya kidole ni fremu 10 na inamalizikia kwenye pigo. Nyota zote sasa ni za rangi moja na hazina nyuso. Mchoraji alisikitika kuzifuta nyuso, nami nilimwelewa, lakini mhusika alibaki yule mtoto wa chini kushoto, na huyo anagusa hewani pamoja na watazamaji.

Maneno ya wimbo yakawa haya, kwa ubeti wa tatu:

Nyota moja inakuja,
Moja… mbili… tatu…
Nyota ngapi?
(kimya)
Nyota tatu!

Kila ubeti unaongeza nyota moja juu ya zilizopo, kisha hesabu inaanza upya kutoka moja. Kwa mapigo manne kwa kila mstari wa muziki, mstari mmoja unachukua sekunde 3.2. Hesabu ya moja na ya mbili zinatosha mstari mmoja, ya tatu na ya nne mistari miwili, ya tano mitatu. Ongeza mstari wa nyota kuja, wa swali, wa kimya na wa jibu, na beti zote tano zinachukua mistari 29. Pamoja na utangulizi wa mistari miwili, wimbo mzima ni sekunde 99.2. Ninaitaja hesabu hii kwa sababu ya mstari mmoja uliokuwa hatarini kukatwa: ule wa kimya.

Prodyuza hakuupenda. Sekunde 3.2 bila sauti ya mtu zinaonekana ndefu mno ukiwa umekaa mbele ya kompyuta, alizijaza kwanza na vigelegele, kisha na sauti ya mtoto inayojibu "tatu!" mapema. Vyote viwili viliharibu kazi. Mtoto mdogo anahitaji muda wa kusikia swali, kutazama nyota, kuipata namba na kuitamka. Ukimjibia ndani ya sekunde moja anajifunza kusubiri ajibiwe. Hatimaye tulikubaliana kayamba iendelee chinichini ili mtazamaji asidhani video imekwama, na mtoto wa katuni aweke mkono sikioni. Kwenye jibu, nyota zote zilizowaka zinazungushiwa duara moja, tarakimu kubwa inatokea ndani ya duara hilo, na mtoto wa katuni anainua vidole vya idadi hiyo kwa wakati mmoja, si kimoja kimoja. Hapo ndipo "tatu" inapoacha kuwa nyota ya mwisho na kuwa jina la kundi.

Neno "nyota" lenyewe lilichaguliwa kwa makusudi. Toleo la zamani lilikuwa na ubeti wa pili wenye "mtoto mmoja, watoto wawili" na wa tatu wenye "kikombe kimoja, vikombe viwili". Kisarufi ni sahihi na mtoto anayekua na Kiswahili anazisikia nyumbani kila siku. Lakini kwa wimbo wa kuhesabu zinaleta matata ya mapigo: mmoja, wawili, viwili, vitatu zina silabi tatu, na mkazo umehamia silabi ya katikati. Ukiweka mguso mwanzoni mwa neno unaangukia kiambishi, na kidole kinagusa kwenye "wa" au "vi", mahali ambapo hakuna namba. Halafu ukifika sita, saba, tisa na kumi, kiambishi kinatoweka ghafla na mizani inabadilika katikati ya ubeti. Nomino kama nyota, kalamu, nyumba au kete hazina usumbufu huo: nyota mbili, nyota tano, nyota nane, namba zilezile za kuhesabia. Watoto na vikombe wanastahili video yao, ila iwe ya baadaye na mguso wake upangwe upya.

Maandishi yalibaki chini ya skrini, madogo, bila kidoti. Mtoto asiyejua kusoma anatazama picha, na maandishi yanayorukaruka yanamwibia jicho pasipo kumpa chochote. Mstari ule ni wa mtu mzima anayeimba naye. Namba inayotamkwa inakolezwa neno zima kwa mara moja.

Video mpya ilipofika darasani, siku ya kwanza ilionekana tumerudi palepale: kidole kilitua kabla ya sauti. Mwalimu alikuwa anaonyesha picha kwa projekta na kupeleka sauti kwenye spika ya blututhi. Sauti ya blututhi huchelewa kwa sehemu ya sekunde, na picha ikienda kwa njia nyingine hakuna kinachozisubirisha. Ukitaka kujua kama una tatizo hilo, tazama jambo moja linalogonga, kama kidole hiki au mtu anayepiga kofi, na usikilize kama mlio unakuja nyuma. Waya wa kawaida wa spika ulilimaliza.

Baada ya hapo kilichobadilika haraka ni zile nusu. Wale waliokuwa wanagusa kete mbili kwa namba moja waliacha, wengine ndani ya siku chache, hasa mwalimu alipowapa kete mkononi waguse pamoja na kidole cha kwenye skrini. Yule wa kete sita alihesabu hadi sita, polepole mno, akiacha pengo baada ya kila namba kama lililo kwenye wimbo. Mwalimu aliniuliza kama pengo hilo litamharibia. Nilimwambia asilihangaikie, kwani mtoto anapoizoea kazi huharakisha mwenyewe.

Kilichobadilika polepole, na kwa wengine hakikubadilika, ni jaribio la rundo. Watoto wawili watatu walianza kujibu "ngapi" kwa neno moja bila kuanza upya, lakini ukiwaambia "nipe kete nne" bado wanachota. Hilo halinishangazi. Kumjibu mtu namba ya mwisho ni tabia ambayo mtoto anaweza kuijenga kwa kusikia wimbo, na mtafiti yeyote wa eneo hili atakuonya usiichukue kama ushahidi wa kuelewa. Kutoa nne kutoka kwenye rundo kunamtaka mtoto ajue mapema atakaposimama, na skrini haiwezi kuona mkono wake wala kumwambia amepitiliza. Kwa watoto walio chini ya miaka mitatu nguvu ya skrini ni ndogo zaidi. Wanajifunza vizuri zaidi kutoka kwa mtu aliye mbele yao kuliko kutoka kwenye picha ya mtu huyohuyo.

Mwalimu amelimaliza kwa njia yake. Anasimamisha video kwenye mstari wa kimya, anauliza nyota ngapi, kisha kabla ya kuiachia anamwambia mtoto mmoja alete kete za idadi hiyo azipange chini ya skrini, kete moja chini ya kila nyota. Zikizidi zinabaki bila nyota juu yake, na mtoto mwenyewe anaziondoa.

Video ya sita hadi kumi bado iko mezani. Pendekezo langu ni kwamba nyota tano za kwanza zibaki juu kwenye mstari wao, zote zimewaka, na mstari wa pili uanze chini yake, ili "saba" iwe tano juu na mbili chini. Watengenezaji wanaogopa skrini itajaa. Nimewaambia wazipunguze nyota ukubwa.